Maziwa yangu hayatoshi na mtoto ni njiti: je, nimpe ya kopo?

*"Nimejifungua hapa Arua mimba ikiwa na wiki 30. Mtoto alizaliwa na kilo 1.3, leo ana siku 9, yuko kwenye inkubeta na analishwa kwa mpira. Sista anasema sasa anatakiwa apate mililita 26 kila baada ya saa tatu. Mimi nakamua mara tano kwa siku, kila mara napata kama mililita 20, na maziwa yenyewe ni mepesi kama maji. Mama mkwe anasema nimpe ya kopo ili anenepe, au ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Juzi mtoto wa kitanda cha jirani alivimba tumbo, akatoa damu kwenye choo, akahamishwa haraka. Walisema utumbo wake unaoza. Wengine wakasema ni maziwa ya mama yake yaliyoharibika. Naogopa. Nimpe kopo au niendelee? Na nitajuaje kama wangu naye ameanza?"*

Dada, hongera kwa mtoto, na pole kwa hofu uliyonayo. Kopo liache dukani kwanza. Ukikamua mara tano tu kwa siku, hata titi lenye nguvu kuliko yote wodini lingeonekana halina maziwa, na hilo linaweza kurekebishika ndani ya siku chache. Maziwa ya ng'ombe yaondoe kabisa kwenye mazungumzo, yawe mazito au yamechanganywa na maji. Protini na chumvi zake ni nzito kwa figo na utumbo wa mtoto wa kilo 1.3, na maji unayoongeza yanapunguza nguvu ya chakula bila kuondoa madhara hayo.

Wepesi wa maziwa yako usikutishe. Yanayotangulia kutoka ni mepesi, mara nyingine yana rangi ya buluu kwa mbali, na mafuta huja kadiri titi linavyokaribia kuisha. Acha kikombe kitulie kwa muda, utaona utando wa mafuta umepanda juu. Kwa hiyo ukiacha kukamua mara tu mkondo unapopungua, yale yenye mafuta unayaacha ndani. Mafuta pia hupenda kunata kwenye ukuta wa sirinji na wa mpira, kwa hiyo mwombe sista akizungushe kikombe polepole kabla ya kuyavuta. Halafu kuna jambo ambalo akina mama wachache huambiwa: katika wiki za mwanzo, maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya wakati huwa na protini na kingamwili nyingi kuliko ya mama aliyetimiza miezi tisa. Huyo mtoto wako ndiye aliyekusudiwa kuyanywa.

Sasa huo ugonjwa wa jirani. Kwenye faili huandikwa herufi tatu, NEC, yaani nekrotaizing enterokolaitisi. Kwa maneno ya kawaida ni uvimbe mkali wa utumbo ambao, usipozuiwa, huua sehemu za ukuta wake. Wanaosema "utumbo unaoza" hawako mbali na ukweli. Wanaosema maziwa yaliharibika ndani ya titi wanakosea. Maziwa hayachachi wala hayaozi yakiwa titini, na ulichokula jana hakigeuki sumu kwa mtoto. Yanaweza kuchafuka baada ya kukamuliwa, kwenye kikombe au kwenye vidole, na hapo ndipo pa kuwa na uangalifu.

Ili uelewe kwa nini maziwa yako yana uzito mkubwa hapa, fikiria utumbo wa mtoto wa wiki 30. Alitakiwa akae tumboni wiki 10 zaidi, akimeza maji ya mimba yasiyo na vijidudu. Ute unaofunika ukuta wa utumbo wake bado ni mwembamba. Seli za ukuta huo hazijashikana vizuri, kwa hiyo kuna mianya midogo. Misuli inayosukuma chakula bado haijajifunza mwendo wake, chakula kinakaa mahali pamoja muda mrefu, na bakteria wanapata pa kuzaliana.

Juu ya seli hizo kuna kipokezi kiitwacho TLR4. Mtoto akiwa tumboni, kipokezi hiki kinashiriki katika kuujenga utumbo, ndiyo maana njiti huzaliwa akiwa nacho kwa wingi. Akishazaliwa, kipokezi kilekile kinafanya kazi ya kengele: kikiguswa na kipande cha ukuta wa aina fulani za bakteria, kinaita askari wa mwili. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, kengele hii imepunguzwa sauti. Kwa njiti inalia kupita kiasi. Seli za utumbo zinakufa, mishipa midogo ya damu inabana, na sehemu hiyo inakosa damu na hewa. Bakteria wanapenya kwenye ukuta ulioumia na kutoa gesi humo humo ndani. Hiyo gesi iliyonaswa ndani ya ukuta ndiyo daktari anayoitafuta kwenye picha ya eksirei, inaonekana kama mapovu madogo au mistari ya hewa inayofuata utumbo. Ukuta ukitoboka, yaliyomo yanamwagika tumboni na mtoto anaweza kufa ndani ya muda mfupi.

Maziwa yako yanaingia katika kila hatua ya hiyo safari. Yana kingamwili iitwayo IgA ambayo huwafunika bakteria kama shuka ili wasishike ukutani. Yana laktoferini inayowanyima bakteria madini ya chuma wanayoyahitaji ili wakue. Yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, nawe unaweza kujiuliza za nini. Ni chakula cha bakteria wema, nao wakistawi wale wabaya hukosa nafasi. Tena baadhi ya sukari hizo na vichocheo vya ukuaji vilivyomo ndani ya maziwa huituliza ile kengele ya TLR4 yenyewe na kuharakisha kuziba kwa mianya. Kopo halina kingamwili hai, na hata yale ambayo kiwanda kimeongeza hayafiki wingi wala aina za vilivyomo kwenye titi. Kwa hiyo hatari ya kopo haitokani na uchafu peke yake. Hata likitengenezwa kwa usafi wa hali ya juu, mtoto bado anakosa ulinzi huo.

Na kuna hili la kustaajabisha. Ukimbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mwili wako unakutana na vijidudu vya wodi ileile anayolala yeye, na baada ya muda titi linatoa kingamwili dhidi ya vijidudu hivyo hivyo. Kwa hiyo kama madaktari wanakuruhusu kumbeba kwa mtindo wa kangaruu, usione ni jambo la kumfurahisha tu. Kaa naye saa nyingi uwezavyo. Tena mama wengi hukamua zaidi mara tu baada ya kumtoa mtoto kifuani.

Kuhusu ukubwa wa kinga, kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1990 ambao bado unatajwa na kila anayeshughulika na njiti. Uliwafuatilia watoto 926 waliozaliwa kabla ya wakati. Waliolishwa kopo tupu walipata ugonjwa huu mara 6 hadi 10 zaidi kuliko waliopata maziwa ya mama tupu. Lakini sehemu inayokuhusu wewe zaidi ni ya kundi la katikati: waliolishwa kopo tupu waliugua mara 3 zaidi kuliko waliochanganyiwa kopo na maziwa ya mama. Maana yake, kila mililita yako inahesabika. Mama anayesema "kama hayatoshi basi niache tu" anatupa kinga kubwa.

Nisikudanganye upande wa pili. Maziwa ya mama hupunguza hatari, hayaifuti. Wapo watoto waliokunywa maziwa ya mama zao tupu wakaugua, na huenda wa jirani yako ni mmoja wao. Na wengi wa njiti hawaugui kabisa: katika vitengo vya Marekani na Kanada, kati ya watoto 100 waliozaliwa chini ya kilo 1.5, takriban 7 ndio hupata NEC. Wakishaugua, ndipo hali inakuwa nzito, kwani kati ya watoto 10 wenye ugonjwa huu 2 au 3 hufa, na zaidi kwa wale wanaofikia kupasuliwa.

Kinachomweka mtoto kwenye hatari kwanza kabisa ni udogo wake, yaani kuzaliwa kabla ya wiki 32 na kuwa chini ya kilo 1.5. Wako yuko hapo. Hatari huongezeka ikiwa alichelewa kulia na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kama presha ya mimba ilipunguza damu inayopita kwenye kondo na mtoto akazaliwa mdogo kuliko umri wake. Huongezeka pia akikaa kwenye antibayotiki siku nyingi bila maambukizi kuthibitika, kwa sababu dawa hizo huwaua na bakteria wema. Hilo ni jambo unaloweza kumwuliza daktari kwa adabu kila wanapopita kwenye vitanda: "Daktari, antibayotiki bado zinahitajika?" Dawa za kupunguza asidi ya tumbo nazo si za kumpa njiti ovyo, maana asidi hiyo ndiyo inayoua vijidudu mlangoni. Ugonjwa wenyewe hauambukizi kama surua, ila vijidudu husafirishwa na mikono kutoka kitanda hadi kitanda, kwa hiyo kunawa ni muhimu hata ukitoka tu kumsalimia jirani.

Wengine wakiogopa NEC huamua mtoto asilishwe kabisa kwa siku nyingi. Hilo nalo halisaidii. Utumbo usiopewa chochote hunyauka, na kuchelewesha chakula hakujaonekana kupunguza ugonjwa huu. Kwa njiti aliye imara, kinachofanyika ni kuanza mapema kwa kiasi kidogo na kupanda taratibu. Kwa wako, mpango wa kawaida ungekuwa hivi: siku ya kwanza mililita 30 kwa kila kilo, yaani 39 kwa siku nzima, ambazo ni kama 5 kila baada ya saa tatu. Kisha huongezwa mililita 5 hivi kila siku kwa kila mlo, mpaka afikie 160 kwa kilo. Hapo ndipo sista alipoipata hiyo 26: kilo 1.3 mara 160 ni 208, ukigawa kwa milo 8.

Tushike kalamu. Leo unakamua mara 5, kila mara 20, jumla 100. Ukigawa kwa milo 8, kila mlo unapata kama 12, na pengo ni 14. Sasa chukulia unakamua mara 8 na kila mara bado ni 20 ileile: jumla 160, kila mlo 20, pengo limebaki 6. Kukaa bila kukamua saa sita au saba, kama nadhani unavyofanya usiku, huliambia titi lipunguze. Titi lililojaa hujizuia lenyewe. Na usiku ndio muda ambao homoni ya kutengeneza maziwa huwa juu, kwa hiyo kuuruka usiku ni kutupa kipindi chako bora.

Pangilia sambamba na milo yake: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6 mchana, saa 9, saa 12 jioni, saa 3 usiku, saa 6 usiku na saa 9 usiku. Siku moja au mbili za mwanzo utapata chini ya 20 kwa mara, kwa sababu titi halijapumzika kama lilivyozoea. Usipime kwa mara moja, pima jumla ya saa 24, na iandike kwenye daftari. Baada ya siku 3 hadi 5 jumla huanza kupanda. Lengo zuri ifikapo siku ya 14 ni karibu mililita 500 kwa siku, kwa sababu mtoto atakua na mahitaji yake yatapanda naye. Zikifika 200 na ushee wiki hii, wewe hujashindwa.

Namna ya kukamua nayo inabadilisha kiasi. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha kikombe cha stili au cha plastiki ngumu chenye kifuniko kwa dakika 10, kikauke chenyewe, usikifute kwa kitambaa. Weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya titi, ukande kwa vidole dakika moja au mbili. Kisha weka kidole gumba juu ya weusi wa titi na vidole vingine chini yake, kama sentimita 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, halafu bana vidole vikaribiane, achia, rudia. Usivute chuchu wala kuteleza juu ya ngozi, maana kuteleza kunaumiza na hakuleti kitu. Dakika za mwanzo zinaweza kuwa kavu. Dakika 3 hadi 5 titi moja, ukiona mkondo umepungua hamia la pili, rudi tena, jumla dakika 20 hadi 30. Kumtazama mtoto, au hata kunusa nguo aliyolalia, huwafanya wengi maziwa yashuke.

Yakishakamuliwa, bora aletewe yakiwa mabichi na ya muda uleule. Kwenye chumba chenye baridi ya wastani yanakaa saa 4, lakini siku ya joto usisubiri hizo saa zote, na hii ndiyo faida nyingine ya kukamua saa ya mlo. Kama wodi ina friji, muulize sista utaratibu wao, andika jina, tarehe na saa juu ya kikombe, na yatumike ndani ya siku 4 au chini ya hapo kama wodi imeweka sheria kali zaidi. Ukikamua ukapata matone tu, yasitupwe. Tone dogo kila upande ndani ya shavu linaingia kwenye kinywa chake moja kwa moja, na kinga huanzia kinywani. Na dang'a, yale ya kwanza ya njano, ukiwa bado una ya kwenye friza yatangulizwe kabla ya mengine yote.

Dawa ya kuongeza maziwa kama domperidoni ipo, lakini si ya kuinunua dukani kwa kuelezwa na jirani. Ina madhara kwenye mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu, kwa hiyo daktari akupime na akuulize historia yako. Na haina maana kama hujaanza zile mara 8.

Basi lile pengo la mililita 6 kwa kila mlo lijazwe na nini siku hizi chache? Njia ya kwanza ni dripu. Maziwa yako 160 kwa siku ni mililita 123 kwa kila kilo, na kama daktari anaona inafaa, maji na sukari vinavyopungua vinaweza kupitishwa kwenye mshipa kwa siku chache. Lakini na dripu ina bei yake, kwani kila siku ya sindano kwenye mshipa ni mlango wa maambukizi, hivyo daktari ataipima dhidi ya muda.

Njia ya pili ni maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kupitishwa kwenye joto, yaani nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Yanapoteza sehemu ya kinga, kwa hiyo hayafiki ya kwako mabichi, ila kwa kukinga utumbo yanashinda kopo. Majaribio yaliyolinganisha viwili hivi yanaonyesha kwamba kwa kopo hatari ya NEC ni karibu mara mbili. Kampala ipo benki ya maziwa ya mama ya ATTA, iliyoanza mwaka 2021. Kwako Arua kuna karibu kilomita 500 na maziwa yaliyogandishwa hayapaswi kuyeyuka njiani, kwa hiyo usiyaagize wewe mwenyewe kwenye basi. Mwombe daktari wa kitengo azungumze nao au na hospitali yoyote iliyo karibu. Maziwa mabichi ya mama mwenzako wa wodini, hata akiwa dada yako wa tumbo moja, usiyakubali bila vipimo, kwa sababu virusi vya ukimwi na vingine hupita humo. Na kama wewe mwenyewe unaishi na virusi, usiache kunyonyesha kwa sababu hiyo: mama anayemeza ARV zake vizuri na mtoto akapewa sirapu yake ya kinga, mwongozo wa Uganda unamtaka amnyonyeshe.

Njia ya tatu ni kopo, na nailinganisha kwa haki. Njaa na sukari kushuka huua njiti pia. Ikiwa umefuata yote haya kwa siku kadhaa, benki haifikiki, na daktari anasema uzito unashuka, kopo la watoto njiti kwa kiasi kidogo ni chaguo halali. Mlo uanze na maziwa yako, ndipo kijazwe kile kinachopungua. Lichanganywe kwa vipimo vya kijiko chake kama kopo linavyosema. Ukizidisha unga ili anenepe haraka, mchanganyiko unakuwa mzito, unavuta maji ndani ya utumbo na kuujeruhi. Unga wa kopo hauna utasa wa vijidudu hata likiwa jipya, kwa hiyo maji yawe yamechemka na bado yawe na joto la nyuzi 70 au zaidi wakati wa kuchanganya, yaani yasiwe yamekaa zaidi ya nusu saa baada ya kuchemka. Kisha ndipo yapozwe mpaka joto la mwili, na yaliyobaki yatupwe.

Sasa kuhusu kujua mapema. Mtoto aliyezaliwa na wiki 30 huwa kwenye hatari kubwa kuanzia wiki ya pili hadi ya nne, kwa hiyo wako anaingia kipindi hicho. Hatari hushuka sana akifikisha umri sawa na wiki 34 au 35 za mimba. Kila kabla ya mlo, tazama mambo mawili: tumbo na kinachotoka kwenye mpira. Maziwa kidogo yaliyochanganyika na ute mweupe yakivutwa kwenye sirinji si ugonjwa, ni tumbo linalojifunza kazi. Kinachonitisha ni rangi ya kijani, kama maji ya majani yaliyochemshwa. Tumbo lenye afya likibonyezwa kidogo ni laini. La ugonjwa limejaa, ngozi inang'aa, mishipa inaonekana, mara nyingine unaona mkunjo wa utumbo umesimama chini ya ngozi na mtoto anakunja uso ukimgusa. Choo chenye michirizi ya damu kinahitaji kuangaliwa, ingawa mtoto anaweza kutoa damu uliyommezesha mwenyewe kama chuchu yako imepasuka. Usiamue wewe, mwonyeshe sista nepi yenyewe.

Zipo na dalili ambazo hazionekani tumboni. Mtoto aliyekuwa akijinyoosha leo amelegea. Anasita kupumua na midomo inabadilika rangi. Mwili umepoa bila sababu. Hata moja kati ya hizi, au tumbo gumu peke yake, ni ya kumwita musawo, yaani mhudumu wa afya, papo hapo, hata usiku wa manane, maana hali hugeuka ndani ya saa chache. Usimlishe mlo unaofuata mpaka atazamwe. Na kama umesharuhusiwa kwenda nyumbani, usimpe dawa ya kienyeji wala maji ya gripu. Mfunge kifuani kwako apate joto, mkimbize hospitali yenye eksirei na kitengo cha watoto wachanga, waambie ni muda gani umepita tangu alipokula mara ya mwisho ili wamwangalie sukari haraka.

Wakithibitisha, chakula kitasimamishwa, mpira utaachwa wazi ili tumbo lipumue, atapata dripu na antibayotiki kwa siku 7 hadi 14, na eksirei zitarudiwa kila baada ya saa kadhaa. Wengi hupona hivyo. Utumbo ukitoboka atahitaji mpasuaji wa watoto, na hao wako katika hospitali chache kama Mulago na Mbarara, ndiyo maana daktari anaweza kutaka kumhamisha kabla hujaona hatari kwa macho yako.

Siku hizo ambazo hatakula, wewe uendelee kukamua mara zile zile 8. Hapa ndipo akina mama wengi hulipoteza titi: wanaona hakuna anayeyataka, wanaacha, na siku ya kumi daktari akisema "tuanze tena kwa mililita 2" hakuna kilichobaki ila kopo, kwenye utumbo uleule uliojeruhiwa. Yaweke kwenye friza kama ipo. Na akishapona, kovu linaweza kubana utumbo baadaye, hasa kati ya wiki ya pili na ya nane. Ukiona anaanza upya kuvimba tumbo, kutapika kijani au kukosa choo, rudi naye kitengo kilekile na faili lake mkononi.